Je, Wajua? Mwani Mkavu Ukifika Bariadi

Mkoa wa Simiyu hauna pwani ya bahari. Maji makubwa tuliyo nayo ni ya Ziwa Victoria upande wa Busega, na hayo ni maji baridi, si ya chumvi. Kwa hiyo mwani wowote utakaoukuta Bariadi umekuja mkavu: umepanda basi kutoka Dar es Salaam, umeagizwa kwa simu, au umeletwa na ndugu aliyetoka Unguja. Mara nyingi mfuko wenyewe una maneno mawili matatu tu, kwamba uloweke kisha ule kila siku. Ushauri huo una pengo kubwa, kwa sababu kuna mwani ambao ukiula kila siku hauna neno, na kuna mwingine ambao gramu moja yake inapita mahitaji ya mwili ya wiki nzima. Makala haya yanaanzia kwenye mfuko huo.

Je, wajua kwamba mwani mwingi wa Tanzania hauliwi nchini?

Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, katika vijiji vya Paje na Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja. Nyuma yake kulikuwa na utafiti wa miaka mingi wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyeanza kuuchunguza mwani wa pwani yetu tangu miaka ya 1970. Mbegu zililetwa kutoka Ufilipino. Wakulima, na wengi wao ni wanawake, hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vigingi katika maji mafupi, husubiri wiki kadhaa, huvuna maji yakitoka, kisha huanika.

Wanalima aina mbili. Ya kwanza ni spinosamu, yenye matawi membamba yaliyojaa vichomozo kama miiba laini. Ya pili ni kotonii, yenye matawi manene na laini zaidi. Zote mbili ni za jamii ya mwani mwekundu, ingawa ukiziona baharini unaweza kukuta za kijani, za kahawia au za zambarau. Wanunuzi wa nje wanaitaka kotonii zaidi na huilipia bei nzuri, lakini haistahimili joto la maji. Bahari ilivyozidi kupata joto, kotonii imekuwa ikifa katika maeneo mengi ya Unguja, na spinosamu ndiyo iliyobaki kuwa zao kuu.

Magunia hayo husafirishwa kwenda viwanda vya nje, ambako hukamuliwa utomvu uitwao karajinani. Utomvu huo ndio unaoifanya dawa ya meno isitengane na maziwa ya chokoleti yasitulie chini ya pakiti. Ukisoma kwenye karatasi ya bidhaa namba E407, umekutana na mwani. Inawezekana kabisa kwamba mtu wa Bariadi ambaye hajawahi kuuona mwani kwa macho ameshautumia mara nyingi.

Kuula mwani wenyewe nyumbani ni jambo lililokuja baadaye. Kuanzia mwaka 2006 Dakta Flower Msuya, mtafiti wa sayansi za bahari Zanzibar, alikuwa akiwafundisha wakulima kuuongezea mwani thamani: kuusaga unga, kutengeneza sabuni, kuuweka kwenye keki, juisi na kachumbari. Ndipo mifuko midogo ya mwani wa kula ilipoanza kusafiri bara.

Je, wajua kwamba kuna mwani unaouloweka ule wenyewe, na mwingine unaouloweka unywe maji yake?

Hapa ndipo penye tofauti kubwa kuliko zote, na ndipo watu wengi wanapopotea, kwa kuwa mifuko yote huandikwa mwani.

Mwani wa Zanzibar unauloweka, unaula wenyewe, na maji unayamwaga. Maji yale yamebeba chumvi, mchanga na harufu ya bahari, na hakuna sababu ya kuyanywa.

Kombu ya Japani ni kinyume chake. Ni mwani wa kahawia wenye majani mapana na magumu mithili ya mkanda wa ngozi. Wajapani huutumbukiza katika maji, huupasha moto taratibu, huutoa kabla maji hayajachemka, kisha hupikia supu kwa yale maji. Unga mweupe ulio juu ya kombu hawauoshi, wanaufuta tu kwa kitambaa, maana ndani yake mna ladha. Lakini pamoja na ladha, karibu madini joto yote hutoka pia. Kombu ikichemshwa kwa robo saa, sehemu kubwa mno ya madini joto yake huhamia kwenye maji. Mwenye kuutupa mwani na kunywa supu akidhani amekwepa madini joto, ameyanywa karibu yote.

Katikati ya hizo mbili kuna wakame na nori. Wakame ni ile mikatiko midogo ya kijani kibichi inayoelea kwenye supu za Kijapani na Kikorea. Inatosha kuiloweka dakika 5 hadi 10 katika maji ya baridi, kisha ukamue. Huvimba mara kumi hivi kwa uzito, kwa hiyo gramu 5 tu, kiasi cha vijiko viwili, hujaza bakuli dogo. Anayemimina nusu pakiti kwa kuhofia kwamba ni kidogo hujikuta na sufuria nzima. Ukiisahau kwa saa nzima hulegea na kuteleza, na utamu wake hupotea. Nori, zile karatasi nyeusi za kuviringishia wali, hazilowekwi kabisa. Zipashe kidogo juu ya moto, zitakatika kwa sauti, na ziko tayari.

Halafu ipo agari, ambayo watu wa Mombasa na Unguja wanaijua kwa sababu ndiyo inayogandisha faluda. Huuzwa kwa nyuzi nyeupe kavu au unga. Nyuzi ziloweke nusu saa, kisha zichemshe mpaka ziyeyuke zote, kwa kipimo cha gramu 10 hivi kwa lita moja ya maziwa au juisi. Sifa yake njema kwa nyumba isiyo na friji ni kwamba huganda yenyewe ikipoa kufikia joto la nyuzi 40 au chini kidogo, na ikishaganda haiyeyuki kwa joto la mchana wa Bariadi.

Je, wajua jinsi ya kuloweka gramu 30 za mwani wa Zanzibar bila kuharibu?

Tuseme una mfuko wa gramu 100 wa spinosamu. Toa konzi kubwa moja, kama gramu 30, na mfuko uliobaki ufunge vizuri, kwa kuwa mwani hunywa unyevu wa hewa.

Kwanza utazame. Punje nyeupe zilizoshika kwenye matawi ni chumvi ya bahari, wala si uchafu. Ukungu ni kitu kingine: una manyoya, una rangi ya kijivu au nyeusi, na hunuka uvundo wa gunia lililolowa. Ukiwa na shaka, lowesha kipande kidogo. Chumvi itayeyuka mara moja, ukungu utabaki umeshika. Mwani wenye ukungu hauokolewi kwa kuchemshwa, utupe. Angalia pia vipande vya kamba, vigamba vya konokono na mchanga mwingi. Mchanga mwingi ni dalili kwamba ulianikwa chini ufukweni badala ya juu ya chanja au wavu, na mwani wa hivyo utakusumbua hadi mwisho.

Uoshe kwa maji ya baridi mara tatu au nne, ukiusugua taratibu kwa vidole. Maji ya mwisho yaachwe yatulie kwenye beseni, kisha uguse chini kwa kidole: ukihisi chembe, osha tena. Hatua hii hairukwi, kwa sababu mchanga ukishaingia kwenye utomvu hautoki.

Sasa loweka katika maji safi ya kunywa, mengi kiasi cha kuufunika mwani na kuzidi vidole vinne, kwa maana utavimba. Saa 12 zinatosha. Ukiuweka saa 2 usiku, saa 2 asubuhi uko tayari. Badilisha maji mara mbili humo kati, mara moja kabla ya kulala na mara moja alfajiri. Katika vitabu vya nchi za baridi utaambiwa uloweke siku nzima au zaidi bila kugusa, lakini joto la kwetu haliruhusu. Maji yakianza kutoa mapovu, au yakinuka uchachu badala ya harufu nyepesi ya bahari, bakteria wameshafika na kazi imeharibika.

Maji ya kulowekea nayo yana neno. Visima vingi vya Simiyu vina maji ya chumvichumvi, na sehemu za Meatu na Maswa zina maji yenye floraidi nyingi. Maji ya chumvi hayawezi kuivuta vizuri chumvi iliyomo kwenye mwani, hivyo utaloweka na bado utaukuta mkali mdomoni. Tumia maji ya mvua yaliyohifadhiwa vizuri na kuchemshwa, au maji ya bomba yaliyo safi. Kama kisima chako kina maji magumu yenye kalisi nyingi, usishangae utomvu wako ukiwa mzito kuliko wa jirani. Utomvu wa spinosamu hushikana zaidi unapokutana na kalisi.

Mwani ulioiva kwa kulowekwa una dalili nne. Umenenepa, unapitisha mwanga ukiuinua dirishani, na ukiukunja unakatika badala ya kupindana kama mpira. Kipande kimoja ukikitafuna hakina chumvi ya kukera. Ukiona kiini cha tawi bado ni cheusi na kigumu, ongeza saa mbili na ubadilishe maji.

Ukitaka kuula kama kachumbari, uchovye kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache tu, uchuje, uchanganye na kitunguu, nyanya na ndimu. Ukitaka utomvu, utie kwenye sufuria na vikombe vitatu vya maji, uchemshe kwa moto mdogo dakika 20 hivi mpaka matawi yaanze kuyeyuka, kisha usage kwa blenda. Asiye na blenda achemshe muda mrefu zaidi, aupondeponde kwa mwiko na kuupitisha kwenye chujio la chai. Ukipoa utashikana laini na kuvutika, na mtu aliyekulia mlenda hatashangazwa nao hata kidogo.

Kosa la kawaida hapa ni kutia ndimu au ukwaju wakati sufuria iko motoni. Asidi pamoja na moto huvunja utomvu, nao hubaki maji tu. Tia kitu chochote kichachu baada ya kuepua.

Gramu 30 zitakupa kama vikombe vitatu vya utomvu. Kwenye friji ule ndani ya wiki moja. Bila friji umalize siku hiyo hiyo, na kama nyumba ni ya watu wawili, ni afadhali uloweke gramu 10 kuliko kumwaga. Mwani mkavu unakaa miezi mingi, mwani uliolowekwa hauna subira.

Je, wajua kwamba chumvi ya jikoni kwako imeshafanya kazi ambayo unautafutia mwani?

Mwili wa mtu mzima unahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku. Ni kiasi kidogo mno, lakini kikikosekana kwa muda mrefu tezi ya shingo huvimba, na mama mjamzito anayeyakosa anaweza kuzaa mtoto ambaye ubongo wake umedhurika. Kihistoria hilo lilikuwa tatizo la watu wa bara, mbali na bahari, ambako mvua na mmomonyoko wa karne nyingi vimeyaosha madini joto kutoka udongoni. Katika miaka ya 1980 na 1990 Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika, na baadaye mkazo ukahamia kwenye chumvi.

Hebu tupige hesabu. Chumvi yenye miligramu 30 za madini joto kwa kilo ina mikrogramu 30 katika kila gramu. Kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa ni gramu 5 hivi, na hicho ndicho kikomo cha chumvi kwa siku kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Tano mara thelathini ni 150. Yaani mtu anayepikia chumvi ya pakiti yenye madini joto, akaiweka kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jua na moshi, anakaribia kupata mahitaji yake yote kutoka kwenye chumvi peke yake.

Sasa weka mwani juu ya hesabu hiyo. Karatasi moja ya nori ina uzito wa gramu 3 hivi na hukuongezea takriban mikrogramu 50, ingawa hutofautiana. Hiyo ni nyongeza ya kawaida. Gramu 2 za wakame kavu zinaweza kukupa mia moja hadi mia mbili. Agari haina karibu chochote, kwa kuwa imeshaoshwa na kukamuliwa kiwandani. Gramu moja ya kombu, kipande kisichozidi ukubwa wa stempu mbili tatu, inaweza kuwa na mikrogramu 2,000 au zaidi.

Wataalamu wa Ulaya wameweka ukomo wa mikrogramu 600 kwa siku kwa mtu mzima, na wa Marekani 1,100. Kwa vyovyote vile, kipande kile kidogo cha kombu kimepita ukomo wote. Watu husema mbona Wajapani wanakula. Ni kweli, wamezoea vizazi kwa vizazi, na bado hata kwao katika pwani ya Hokkaido watafiti walieleza mwaka 1965 kuhusu uvimbe wa tezi uliotokana na kula kombu kupita kiasi.

Mwani wa Zanzibar, kwa kuwa ni mwekundu, kwa kawaida una madini joto kidogo sana ukilinganisha na kombu, lakini kiwango hubadilika kwa msimu, mahali na jinsi ulivyooshwa. Ndiyo maana mimi nashauri uchukuliwe kama kiungo, si kama chakula kikuu. Turudi kwenye vikombe vyetu vitatu: vina kama vijiko vikubwa 50, kwa hiyo kila kijiko kina zaidi kidogo ya nusu gramu ya mwani mkavu. Vijiko viwili vya utomvu kwenye uji au juisi, mara tatu nne kwa wiki, ni kiasi cha busara kwa mtu mzima mwenye afya. Tangazo linalokuambia unywe kikombe kizima asubuhi na jioni linakuuzia mwani, halikutunzi. Nori, karatasi moja au mbili kwa siku hazina shida. Wakame, gramu 2 kavu, na si kila siku. Kombu, kwa mtu asiyeizoea, ni afadhali iachwe.

Iko pia aina moja ya kuacha kabisa, nayo ni hijiki, mwani mweusi wenye vijiti vyembamba vifupi. Una aseniki ya aina yenye sumu, na mamlaka ya chakula ya Uingereza imekuwa ikiwashauri watu wasiule tangu mwaka 2004. Kuuloweka na kumwaga maji hupunguza aseniki, lakini hakuimalizi.

Je, wajua kwamba rangi ya kijani iliyo juu ya ziwa si mwani wa kula?

Upande wa Busega, nyakati fulani maji ya Ziwa Victoria hufunikwa na utando wa kijani unaofanana na rangi iliyomwagika. Ni viumbe vidogo ambavyo baadhi yake hutoa sumu inayoharibu ini. Usiukaushe, usiusage, na mifugo isinywe hapo. Kuuchemsha hakuiondoi sumu hiyo.

Je, wajua kwamba aliyekosa madini joto muda mrefu ndiye anayedhurika kwa urahisi akiyapata kwa wingi ghafla?

Hili ni jambo linaloshangaza, na limetokea karibu nasi. Katika miaka ya 1990, Kivu, mashariki mwa Kongo, watu waliokuwa wamekosa madini joto kwa miaka mingi walianza kupata chumvi yenye madini hayo kwa kiwango kikubwa. Baadhi yao, hasa watu wazima waliokuwa na vinundu kwenye tezi, waliugua: tezi iliyokuwa na njaa ilipokea madini mengi ikaanza kutoa homoni bila breki. Zimbabwe nako kulitokea vivyo hivyo. Funzo walilolipata wataalamu halikuwa kuacha kutia madini joto kwenye chumvi, bali kupima kiwango na kukifuatilia.

Mtu wa kijijini Itilima aliyekulia chumvi ya kupima isiyo na madini joto, mwenye uvimbe shingoni ambao haujawahi kumuuma, ndiye hasa ambaye hapaswi kuanza mwani kwa vikombe. Aende kituo cha afya kwanza. Wengine wa kujihadhari ni mwenye ugonjwa wowote wa tezi au anayemeza dawa zake, mwenye figo dhaifu kwa kuwa mwani una potasiamu nyingi, na watoto wadogo. Mama mjamzito au anayenyonyesha anahitaji madini joto zaidi, kama mikrogramu 250 kwa siku, lakini ayapate kwenye chumvi na ushauri wa kliniki, maana kichanga hudhurika kwa kukosa na kwa kuzidishiwa.

Dalili za kuzidisha zinaweza kwenda njia mbili. Moja ni moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, usingizi kukatika na mwili kupungua bila sababu. Nyingine ni uchovu mzito, baridi, kufunga choo na shingo kujaa. Zikianza majuma machache baada ya mwani, acha mwani na uende hospitali, na uuchukue ule mfuko. Daktari anayeona mapigo ya mgonjwa yanakwenda mbio atafikiria malaria, upungufu wa damu au wasiwasi. Akijua kuna mwani, ataagiza kipimo cha damu cha tezi, na kujua aina ya mwani kutamsaidia kupima uzito wa jambo hilo mapema.